Maombi kumi na tisa, na simu haijalia

Shikamoo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Mikindani. Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ndogo ya kuklia mizigo, upande wa nyaraka na entri, hadi ilipofunga mwaka jana mwezi wa tano. Tangu hapo asubuhi nauza mahamri na mbaazi, mchana naingia saiba kutuma maombi ya kazi. Nimetuma kumi na tisa, sijapata hata simu moja. Kaka yangu asema Mombasa bila mtu wa kukushika mkono hupati kitu.

Sasa kuna tangazo la karani wa nyaraka huko Changamwe, mwisho Ijumaa ijayo, maombi kwa barua pepe. Wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili au zaidi wa kutia entri kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, anayeweza kufuatilia mawakala wa meli na kuzungumza na wateja. Wamesema cheti cha EACFFPC, kile cha uwakala wa forodha, kitakuwa nyongeza. Mimi sina.

Ninachoandika kila mara ni hiki, na kichwa chake ni "CV": "Kwa anayehusika, mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Naomba nafasi yoyote iliyopo katika kampuni yako tukufu. Tafadhali pokea viambatisho. Mungu akubariki."

Nakosea wapi? Na kama barua ya maombi tayari imo kwenye kiambatisho, huku nje niandike nini tena?

Mpika mahamri, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Kabla sijastaafu nilikaa miaka kumi na moja kwenye ofisi ya wakala mmoja wa mizigo hapa mjini, na kila nafasi ilipotangazwa mimi ndiye niliyekuwa nikipokea maombi. Nikuambie nilikuwa nikiyasomea wapi. Si mezani. Mezani kulikuwa na simu za wateja na madereva. Niliyasoma jioni kwenye foleni ya feri Likoni, mkoba kwapani, simu mkono mmoja, nikisukumwa huku na huku. Ukifungua kasha la barua pepe kwenye simu unaona vitu vitatu tu: jina la aliyetuma, kichwa, na maneno machache ya mwanzo, pengine manane, kabla mstari haujakatika. Kwa hayo tu kidole kinaamua kugusa au kupita.

Sasa jiweke kwenye foleni ile uisome yako. Kichwa: CV. Maneno ya mwanzo: "Kwa anayehusika, mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu". Juu yake kuna nyingine inayosema CV, chini yake mbili zinazosema CV, na wote ni wachapakazi, wote waaminifu. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuwa ni mvivu. Barua yako haina tusi wala kosa la adabu, ila haina habari. Miaka mitatu ya kutia entri, kitu ambacho mtu wa Changamwe anakitafuta kwa tochi, umekifungia ndani ya kiambatisho kisha ukaufunika mlango kwa sifa.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Barua ya maombi iliyoambatishwa inasomwa na mtu aliyekwisha kuamua kukusoma. Ile ya nje inasomwa na mtu ambaye bado anaamua. Kwa hiyo usiinakili barua nzima ukaimwaga pale, na usiache mstari mmoja wa "pokea viambatisho" kama mtu anayesukuma bahasha chini ya mlango akakimbia. Andika maneno kati ya 120 na 180 hivi, yaani kiasi kinachosomeka kwenye simu kwa kuteremsha kidole mara moja au mbili. Ndani yake sema nafasi unayoiomba, jambo moja au mawili uliyoyafanya ambayo tangazo limeyataja, ulichoambatisha, na jinsi ya kukupata. Basi.

Kazi kubwa ni hayo mambo mawili, na hapo nataka tukae kidogo.

Chukua tangazo, piga mstari chini ya yale wanayoyataka. Wewe una matatu: entri za iCMS, mawakala wa meli, wateja. Sasa acha kujiuliza wewe ni mtu wa namna gani, jiulize Jumatatu asubuhi ulikuwa ukifanya nini. Nina hakika mambo yalikwenda hivi: mteja analeta BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na meli, ankara na orodha ya vifurushi. Unazilaza mezani pamoja na IDF, ile fomu ya kutangaza uagizaji, unalinganisha jina la mpokeaji, uzito, idadi ya vifurushi, namba ya kontena. Zikiwiana, unatia entri kwenye mfumo wa KRA, unamwambia mteja alipe ushuru, kisha unaanza kumfuatilia wakala wa meli akupe hati ya kutolea mzigo, ile DO. Zisipowiana, mfano BL inasema kilo hizi na orodha ya vifurushi inasema nyingine, unasimamisha kila kitu na kumtafuta wakala arekebishe, maana ukitia entri hivyo hivyo faili litakwama na kontena litaanza kula demareji, ile tozo ya kucheleweshwa.

Hiyo ndiyo "kufanya kazi chini ya shinikizo", mwanangu. Wewe umeiandika kwa maneno ambayo hata muuza duka anaweza kuyaandika. Mkuu wa nyaraka akisoma kwamba ulikuwa ukilinganisha BL na ankara kabla ya kutia entri, anajua mara moja kwamba umekaa kwenye kiti kile, kwa sababu asiyekaa hajui kwamba hapo ndipo pesa zinapopotelea.

Baada ya hapo tafuta hesabu. Najua utasema hukuwahi kuhesabu. Hebu kumbuka: mlikuwa makarani wangapi, na kwa siku yalikupitia mafaili mangapi? Kama yalikuwa mawili siku nyepesi na manne siku nzito, andika "wastani wa mafaili 15 kwa wiki". Si lazima iwe hesabu ya benki, lakini iwe ile ambayo ukiulizwa kwenye usaili "umeipata wapi?" utaieleza bila kumeza mate. Nimewahi kumwita kijana aliyeandika kwamba alishughulikia kontena 500 kwa mwezi. Nilipomuuliza ofisi yao ilikuwa na watu wangapi, akasema watatu, na mmoja ni mpishi wa chai. Tulicheka sote wawili, yeye kwa aibu. Vilevile tenganisha "nilitia" na "nilisaidia kutia". Kama miezi ya mwanzo ulikuwa ukimkalia mwenzako ubavuni, usiihesabu kama yako.

Halafu taja vitu kwa majina yake. Usiandike "nina ujuzi wa mifumo ya forodha". Kuna watu wanaoijua Simba tu, ule mfumo wa zamani wa KRA ambao iCMS imechukua nafasi yake, nao pia huandika "mifumo ya forodha". Msomaji hawezi kukisia wewe ni yupi. Tangazo limesema iCMS, nawe andika iCMS, herufi zile zile. Kama umetumia na dirisha moja la KenTrade, ule mfumo wa vibali vya mizigo, litaje. Ila majina ya wateja wenu wa zamani usiyatie, wala thamani ya mizigo yao. Ukizimwaga siri za ofisi ya jana, mwenye ofisi ya leo atajiuliza zake utazimwaga wapi.

Mimi ningeiandika hivi. Hesabu za mafaili na wateja, wadhamini na stashahada nimevikisia, weka vyako vya kweli.

> Kichwa: Karani wa Nyaraka – miaka 3 ya iCMS – (jina lako kamili)
>
> Kwa Meneja wa Ajira,
>
> Naomba nafasi ya Karani wa Nyaraka mliyoitangaza wiki hii. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitia entri za forodha kwenye iCMS katika kampuni ya kuklia mizigo hapa Mombasa, wastani wa mafaili 15 kwa wiki, hadi kampuni ilipofunga mwezi Mei mwaka jana.
>
> Kabla ya kila entri nililinganisha BL, ankara, orodha ya vifurushi na IDF, na palipokuwa na tofauti niliwasiliana na wakala wa meli irekebishwe kabla kontena halijaanza kutozwa demareji. Ufuatiliaji wa DO kwa mawakala ulikuwa kazi yangu ya kila siku. Wateja wapatao 20 walipata habari za mizigo yao kutoka kwangu, kwa simu na kwa barua pepe.
>
> Nimeambatisha barua ya maombi, wasifu wenye wadhamini wawili, na nakala ya stashahada yangu. Naishi Mikindani na ninaweza kuanza kazi mara moja.
>
> Wenu,
> (Jina lako kamili)
> (Namba ya simu)

Tazama ule mstari wa kwanza baada ya salamu. Hata ukikatika kwenye simu, msomaji ameshaona nafasi anayoijua, na kichwani ameshaona iCMS. Kama tangazo lina namba ya kumbukumbu, hiyo itangulie kwenye kichwa, kabla ya jina lako, kwa sababu kuna ofisi zinazotafuta maombi kwa namba hiyo tu, na yasiyo nayo hayatokei kabisa.

Salamu nimeielekeza kwa cheo. Wakitaja jina la mtu, tumia jina. Usikisie Bwana wala Bibi. Nimeitwa Bwana mara nyingi, na sikumnyima mtu kazi kwa hilo, lakini nilijua hakusoma tangazo hadi chini, maana jina langu lilikuwepo. Na "nafasi yoyote iliyopo" ifute leo. Unaona ni unyenyekevu, anayesoma anaona hujui unachokitaka, na hana muda wa kukuchagulia.

EACFFPC sikuitaja, nawe usiitaje. Wamesema ni nyongeza, hawakusema ni lazima. Ukiandika "samahani sina cheti hicho" umetumia mstari wako mmoja wa thamani kumwonyesha pengo ambalo pengine asingelitafuta. Ingekuwa tangazo limesema lazima, hapo ningekuambia sema ukweli waziwazi, au uache kuomba. Na kama umeshajiandikisha kuisomea, hiyo ni habari njema, iandike kwa tarehe ya kuanza.

Pengo la kukaa bila ajira nimelimaliza kwa maneno machache, "hadi kampuni ilipofunga". Kampuni kufunga si aibu yako, nayo inajibu swali kabla halijaulizwa. Mahamri je? Kwenye barua hii hayana nafasi, kwa kuwa tangazo halikuuliza habari za biashara. Kwenye wasifu yaweke, mstari mmoja, ili ionekane hukukaa bure. Ungekuwa unaomba kazi ya mauzo ningeyapandisha juu kabisa.

Tangazo lao nadhani limeandikwa kwa Kiingereza, kama mengi hapa kwetu. Basi nawe andika kwa Kiingereza, mpangilio ukiwa huu huu. Usiitafsiri yangu neno kwa neno, na ikiwa Kiingereza chako kina kigugumizi, fupisha sentensi. Mafaili 15 kwa wiki ni 15 kwa lugha yoyote.

Tuje kwenye viambatisho, maana hapa nina donda. Walikuwa wakinitumia picha za vyeti zilizopigwa juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana, kona moja imekatika, na jina la faili ni IMG likifuatwa na tarakimu nane. Nikizishusha kwenye kompyuta, watu kumi wana IMG na kumi wengine wana "CV mpya mwisho kabisa". Faili lako liitwe kwa jina lako na kilichomo, mfano:

```
JinaLako_Wasifu_KaraniNyaraka.pdf
```

Liwe PDF, ili mistari isihame likifunguliwa kwenye mashine nyingine. Wakisema kila kitu kiwe faili moja, muombe kijana wa saiba akuunganishie, barua ya maombi ikiwa juu, kisha wasifu, kisha vyeti. Uzito nao uuangalie. Saiba wakikuskania vyeti kwa rangi na ubora wa juu kabisa, kurasa chache tu zinaweza kuvuka MB 25, na Gmail hairuhusu kiambatisho kuzidi hapo. Ikizidi inalipeleka faili kwenye Google Drive na kuweka kiungo badala yake, na usipoweka ruhusa sawasawa msomaji anabofya na kuambiwa aombe idhini kwako. Nani wa kukuomba idhini akiwa na wengine mia? Mwambie askani kwa rangi ya kijivu, ubora wa kawaida, jumla isizidi MB 2. Kitambulisho, cheti cha tabia njema na vinginevyo usivitume kama hawakuviuliza, huko vinakoishia hukujui. Wala usitume vyeti vyote ulivyonavyo. Cheti cha kuogelea cha shule ya msingi kiache nyumbani.

Siku ya kutuma, anza kwa kuambatisha, kisha andika maneno, kisha kichwa, na anwani ya mpokeaji iwe ya mwisho kabisa. Ukibonyeza kwa bahati mbaya kabla hujamaliza, haiendi popote. Nakala ya kwanza jitumie mwenyewe, uifungue kwenye simu yako, ufungue na kila kiambatisho. Hapo ndipo utakapojiona jinsi mimi nilivyokuona kwenye foleni. Ikiwa sawa, ile ya Changamwe iandike upya kwenye ukurasa mpya. Usibonyeze "Forward" kwenye ile uliyojitumia, maana kichwa kitatangulia na "Fwd:", na maandishi ya juu yataonyesha ilikotoka. Nashuku kumi na tisa zako nyingine zilikwenda hivyo, na mbaya zaidi ni wanaoweka kampuni saba pamoja kwenye "To", kila moja ikaona majina ya wenzake.

Ukishatuma na ukagundua umesahau kiambatisho, usijifiche. Tuma tena papo hapo, kichwa kile kile, mstari mmoja juu: "Samahani, barua iliyotangulia ilikosa viambatisho, hivi hapa." Mara moja husamehewa. Na kwa kuwa uko saiba, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka, ufute na nakala za vyeti ulizozishusha kwenye mashine yao.

Kaka yako hakukosea sana. Wapo wanaoshikwa mkono, nimewaona. Lakini hata aliyeletwa kwangu na mjomba wa mtu nilimwambia atume barua pepe, kwa sababu mwenye kusaini alikuwa Nairobi na nilihitaji kitu cha kumpelekea. Ukipata mtu wa ndani Changamwe, barua hii ndiyo atakayoisukuma mbele, na mkuu wake ataisoma bila wewe kuwepo kujieleza.

Usingoje Ijumaa. Tuma Jumanne au Jumatano, ili hata likitokea tatizo la anwani na barua ikakurudia una siku ya kulitatua. Angalia kasha lako kesho yake, pamoja na folda ya Spam, kwa maana majibu ya ofisi wakati mwingine huangukia huko. Wiki moja baada ya siku ya mwisho, ukiwa bado kimya, ijibu ile ile uliyotuma, si kuanzisha mpya, uandike: "Habari za kazi. Niliomba nafasi ya Karani wa Nyaraka, barua yangu iko hapa chini. Ningependa kujua kama bado mnaendelea na uteuzi." Mara moja tu. Na laini uliyoiandika pale iwe na chaji saa zile za mahamri, maana ofisi nyingi hupiga asubuhi, na wewe asubuhi mikono imejaa unga. Mpe mtu wa nyumbani kazi ya kuipokea.